Uso mwingine ndani ya milisekunde 33

Mwaka 2020 mwongozaji David France alitoa filamu ya hali halisi iitwayo Welcome to Chechnya, inayohusu watu waliokuwa wakikimbia mateso katika jimbo hilo la Urusi. Waliozungumza ndani yake wangeweza kuuawa kama wangetambuliwa, kwa hiyo nyuso zao zilifunikwa kwa nyuso za watu wengine waliokubali kuazima sura zao. Mtazamaji anaona machozi, kusita na hasira za msemaji mwenyewe, ila haoni uso wake. Kazi ile ilifanywa baada ya upigaji picha, na fremu iliyoharibika iliweza kurudiwa mpaka ikae sawa.

Siku hizi kuna programu zinazojaribu kufanya jambo hilohilo mtu akiwa bado anazungumza, mbele ya kamera ndogo ya kompyuta mpakato. Mojawapo ni Deep-Live-Cam, iliyovuma mwaka 2024 kwa sababu inahitaji picha moja tu ya uso wa kuazima. Nataka tuichukue kazi nzito kuliko zote zinazoweza kupewa programu ya namna hii: shahidi anayetaka kuhojiwa moja kwa moja kwa simu ya video bila sura yake kujulikana, akitumia uso wa mtu aliyeridhia. Tukiielewa kazi hiyo tutaona programu hizi zinakwamia wapi, na kwa nini mara nyingi si pale watu wanapodhani.

Kamera inayotoa fremu 30 kwa sekunde inaacha milisekunde 33 kati ya fremu moja na inayofuata. Ndani ya muda huo kompyuta inapaswa kuisoma fremu, kuutafuta uso, kuukata na kuunyoosha, kuuchora upya kwa sura ya mtu mwingine, kuurudisha mahali pake bila mshono kuonekana, kisha kuipeleka picha kwenye simu. Ikichelewa, fremu zinarukwa na picha inaanza kukwamakwama.

Kazi huanza kupotea kwenye kamera yenyewe. Picha ya pikseli 1280 kwa 720, ikitumwa bila kubanwa kwa mfumo wa YUYV, ina takriban megabaiti 1.8. Fremu 30 za namna hiyo ni megabaiti 55 kwa sekunde, sawa na megabiti 442. Njia ya USB 2.0 inahesabiwa kuwa na megabiti 480, lakini hiyo ni namba ya kwenye karatasi. Kinachopita kwa kweli ni pungufu. Ndiyo maana kamera nyingi, zikiombwa ukubwa huo bila kubana, hushuka hadi fremu 10 hivi kwa sekunde, na mwenye kompyuta hubaki akiilaumu kadi ya michoro. Dawa ni kuiagiza kamera itume picha zilizobanwa za MJPG. Kwenye Linux, amri hii inaonyesha kamera yako inaweza nini kwa kila mfumo:

```
v4l2-ctl -d /dev/video0 --list-formats-ext
```

Jambo la pili la kamera ni mwanga. Chumba kikiwa na giza, kamera inayojirekebisha yenyewe huacha kihisi kikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi. Ikikusanya kwa milisekunde 66, haiwezi tena kutoa zaidi ya fremu 15 kwa sekunde, hata kompyuta iwe na nguvu kiasi gani. Tena fremu hizo chache zinakuja na ukungu wa mwendo na chembechembe za kelele, na baadaye tutaona chembechembe hizo zinavyoutikisa uso. Taa moja nzuri inayommulika msemaji kwa mbele inasaidia kuliko mipangilio mingi ya programu.

Fremu ikishafika, modeli ya kwanza inautafuta uso. Katika mfumo wa InsightFace, ambao programu nyingi za aina hii zimejengwa juu yake, modeli hiyo hutoa kisanduku kinachozunguka uso pamoja na nukta tano: macho mawili, ncha ya pua, na pembe mbili za mdomo. Kwa nukta hizo programu inauzungusha na kuupima uso mpaka ukae wima katika mraba wa pikseli 128 kwa 128. Mraba huo unaingizwa kwenye modeli ya kubadili sura, inswapper_128, pamoja na orodha ya namba 512 zinazobeba utambulisho wa sura ya kuazima. Modeli inachora mraba mpya wenye sura ya yule mwingine, lakini mdomo ukiwa wazi vilevile, macho yakitazama kulekule, na mwanga ukiangukia upande uleule.

Kabla hatujahesabu muda, lazima tuhakikishe kadi ya michoro ndiyo inayofanya kazi. Programu inayoziendesha modeli hizi, ONNX Runtime, ina tabia inayopotosha wengi: ikishindwa kuitumia kadi ya Nvidia, labda kwa sababu matoleo ya CUDA na cuDNN hayapatani, inaweza kuendelea na prosesa ya kawaida, na onyo lake likapotea katikati ya mistari mingine. Picha inatoka, uso unabadilika, ila kwa fremu chache tu kwa sekunde. Faili ya inswapper_128 ina zaidi ya megabaiti 500, na prosesa ya kompyuta mpakato haiwezi kuipitia yote mara 30 kwa sekunde. Ukiiuliza modeli iliyokwisha kupakiwa inatumia nini, jibu la mstari mmoja linatosha:

```python
print(session.get_providers())
```

Jibu likiwa na CPUExecutionProvider peke yake, usihangaike na mipangilio mingine yoyote kabla ya kurekebisha hilo.

Sasa tuhesabu. Namba ninazotumia ni za mfano, za kompyuta mpakato yenye kadi ya Nvidia ya daraja la kati. Kwako zitakuwa nyingine, lakini uwiano wake ni wa kweli kiasi cha kufundisha. Kusoma fremu na kuifungua kutoka MJPG ni milisekunde 6. Kuuchambua uso ni 30. Kubadili sura ni 18. Kuubandika uso mpya kwenye picha ni 25. Kuonyesha ni 3. Jumla ni 82, yaani fremu 12 kwa sekunde. Anayetazama ataona mtu anayeongea kwa kukatikakatika.

Wengi wakiona hivyo hufikiria kununua kadi kubwa zaidi ili kubadili sura kuwe haraka. Angalia tena hesabu. Kubadili sura kumechukua 18 tu kati ya 82. Mzigo uko kwenye kuchambua na kubandika, na yote mawili yana sababu zinazoweza kuondolewa bila gharama.

Kifurushi cha buffalo_l, kinachotumiwa na wengi, hakina modeli ya kutafuta uso peke yake. Kina modeli tano: ya kutafuta uso, ya kuweka nukta 106, ya kuweka nukta 68 za pande tatu, ya kukisia umri na jinsia, na ya kutambua ni nani. Ukikiita bila masharti, zote tano zinafanya kazi kwa kila fremu. Lakini uso wa shahidi unahitaji nukta zile tano tu. Namba 512 za utambulisho zinatakiwa kwa sura ya kuazima, na hizo huhesabiwa mara moja kutoka kwenye picha, kabla ya mahojiano kuanza. Kukisia umri wa shahidi mara 30 kwa sekunde hakumsaidii mtu yeyote. Kwa hiyo panakuwa na wachambuzi wawili, mmoja wa picha na mmoja wa kamera:

```python
picha = FaceAnalysis(name="buffalo_l",
    allowed_modules=["detection", "recognition"])
picha.prepare(ctx_id=0, det_size=(640, 640))

kamera = FaceAnalysis(name="buffalo_l",
    allowed_modules=["detection"])
kamera.prepare(ctx_id=0, det_size=(320, 320))
```

Kipimo cha mwisho, det_size, ni ukubwa ambao fremu inapunguzwa kabla ya kutafutwa uso. Kutoka 640 hadi 320 ni robo ya pikseli. Katika mfano wetu uchambuzi unashuka kutoka milisekunde 30 hadi 6.

Kubandika nako kuna siri yake. Msimbo wa kawaida wa InsightFace hauugusi uso tu. Unautandaza mraba mpya kwenye turubai yenye ukubwa wa fremu nzima, unatengeneza barakoa nyeupe ya ukubwa huohuo, unaimega kingo, unaitia ukungu ili mshono usionekane, kisha unachanganya picha mbili pikseli kwa pikseli, pikseli zote 921,600, na haya yote yanafanywa na prosesa. Tena brashi ya kumega kingo inakua kadiri uso unavyokuwa mkubwa kwenye picha, kwa hiyo msemaji akiisogelea kamera kazi inazidi kuwa nzito. Ukiona kasi inashuka kila anapoinama mbele, umeshamjua mhusika. Tiba ni kukata eneo linalozunguka uso, kufanya ubandikaji humo humo, na kulirudisha. Milisekunde 25 zinakuwa 4.

Hesabu mpya ni 6, 6, 18, 4 na 3, jumla 37. Tumefika fremu 27 bila kununua kitu. Tukiwapa kamera uzi wake wa kazi, ili fremu inayofuata isomwe wakati hii ikichakatwa, zile 6 za mwanzo hazihesabiki tena kwenye foleni na tunabaki na 31. Kazi imeenea ndani ya milisekunde 33, na nafasi ya kupumua ni milisekunde 2.

Hapo ndipo kishawishi kinapoingia. Mraba wa pikseli 128 ukivutwa kufunika uso wenye upana wa pikseli 400 unaonekana laini kupita kiasi, ngozi kama ya mwanasesere, na programu zina kitufe cha kuongeza modeli ya kunoa sura kama GFPGAN. Tuseme inachukua milisekunde 40. Jumla inarudi 71, fremu 14. Zaidi ya hapo, GFPGAN haikumbuki fremu iliyopita: inabuni vinyweleo na mikunjo upya kila mara, na mikunjo hiyo inametameta. Kwa picha moja ya mnato ni chombo kizuri. Kwa mahojiano ya moja kwa moja ningeizima na kukubali ulaini.

Kasi ya fremu, hata hivyo, haisemi lolote kuhusu ucheleweshaji. Watu waliosimama mstari mmoja wakipitishana ndoo kutoka kisimani wanaweza kumwaga ndoo moja kila sekunde, na bado kila ndoo ikawa imesafiri kwa dakika nzima. Programu yenye nyuzi kadhaa ni hivyo hivyo: inatoa fremu 30 kwa sekunde, lakini kila fremu ni ya zamani kidogo. Hatari kubwa iko kwenye hazina ya kamera. Uchakataji ukiwa wa polepole kuliko kamera, fremu zinajipanga foleni, na programu inayozisoma kwa zamu inabaki nyuma daima. Msemaji anatikisa kichwa, na picha inatikisa baadaye. Uzi wa kamera unapaswa kushika fremu moja tu, ile mpya kabisa, na kuitupa iliyotangulia hata kama haijatumika. Kupoteza fremu hakuonekani sana; kuchelewa kunaonekana.

Kupima ni rahisi. Fungua saa ya kusimamisha kwenye simu, iweke mbele ya kamera, halafu kwa simu nyingine piga picha inayochukua saa na skrini kwa pamoja. Tofauti ya namba mbili ndiyo ucheleweshaji wako.

Ucheleweshaji huo unagusa sauti, kwa kuwa sauti haipiti kwenye kubadili sura na hivyo inafika kwanza. Kwa mujibu wa pendekezo la BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, ilhali ikichelewa anaivumilia mpaka karibu 125 kabla ya kuhisi kitu. Kwa hiyo sauti lazima icheleweshwe makusudi. Hapa wengi hunaswa: wanaweka muda wa kuchelewesha ndani ya OBS, kwenye Sync Offset, kisha wanaipeleka picha kwenye simu ya video kupitia OBS Virtual Camera. Kamera hiyo haibebi sauti. Programu ya simu inaendelea kuichukua sauti moja kwa moja kutoka kwenye maikrofoni, na marekebisho yote hayafiki. Sauti nayo inahitaji njia yake ya bandia, itokayo OBS kwenda kwenye simu.

Joto nitalitaja kwa ufupi. Milisekunde 2 za kupumua zilipimwa kompyuta ikiwa baridi. Kompyuta mpakato iliyofanya kazi nzito kwa muda hupunguza kasi ya kadi ili isiungue, na ile 31 inavuka 33 katikati ya mahojiano. Amri hii inaonyesha joto, kasi na umeme kila sekunde:

```
nvidia-smi --query-gpu=temperature.gpu,clocks.sm,power.draw --format=csv -l 1
```

Fanya jaribio la urefu uleule wa mahojiano, kompyuta ikiwa kwenye chaja na programu ya simu ikiwa imewashwa, kwa sababu nayo inakula sehemu ya nguvu.

Utulivu wa sura ni tatizo la namna nyingine. Kila fremu inatafutiwa uso upya, na nukta tano hazianguki mahali palepale hata mtu akitulia kama sanamu, kwa sababu kelele ya kamera inabadilika. Uso ulionyooshwa kwa nukta zinazotikisika nao unatikisika. Ukitazama kwa makini utaona ngozi ikielea juu ya fuvu. Hapa ile faida ya kupunguza det_size inadai malipo. Fremu ya upana wa 1280 ikipunguzwa hadi 320, pikseli moja ya modeli ni pikseli nne za picha halisi, na kosa dogo linakuzwa mara nne. Suluhisho ninaloliamini ni kuutafuta uso ndani ya eneo ulipokuwa kwenye fremu iliyopita. Eneo la pikseli 500 likipunguzwa hadi 320, kila pikseli ya modeli ni moja na nusu ya picha. Kasi inabaki, na mtikisiko unapungua.

Mtikisiko unaobaki huzimwa kwa kuchanganya nukta mpya na za zamani. Ukichukua asilimia 30 ya mpya na 70 ya hesabu iliyotangulia, uso unatulia vizuri. Lakini kichwa kikisogea, nukta zinachelewa kwa fremu mbili na zaidi, karibu milisekunde 78, na sura ya kuazima inateleza nje ya kichwa: masikio yameshafika, pua bado iko njiani. Mwaka 2012 Géry Casiez, Nicolas Roussel na Daniel Vogel walichapisha kichujio kiitwacho One Euro kinachotatua mgongano huu kwa njia nyepesi: nukta zikienda polepole kinazichuja kwa nguvu, zikienda kasi kinalegeza. Jicho la binadamu huona mtikisiko kwenye kitu kilichotulia na kuchelewa kwenye kitu kinachokimbia, kwa hiyo kila kasoro inatibiwa pale inapoonekana. Hesabu yake haichukui hata milisekunde moja.

Kuna mahali ambapo kichujio hakisaidii. Msemaji akigeuza kichwa hadi jicho moja lifichike, nukta ya jicho hilo inakuwa ya kukisiwa, na shavu linavutika. Akipitisha mkono mbele ya uso, vidole vinayeyuka kwenye ngozi, kwa sababu modeli imefundishwa kuchora uso na haina habari za mkono. Zipo modeli za ziada zinazobainisha kilicho mbele ya uso, kama XSeg inayotumika katika DeepFaceLab, lakini kila moja inadai milisekunde zake. Kwa upande mwingine, anayemshuku mtu kwenye simu ya video ana haki ya kutumia udhaifu huu: amwombe ageuke ubavu kabisa na kupitisha kiganja polepole usoni. Si uthibitisho wa mwisho, lakini ni jaribio gumu kwa programu hizi.

Kwa shahidi wetu, tatizo kubwa kuliko yote ni lile linalodumu kwa fremu moja. Anainama kuchukua maji, modeli haiuoni uso, na programu nyingi katika hali hiyo hupitisha fremu kama ilivyotoka kwenye kamera. Sura yake halisi inaonekana kwa sehemu ya thelathini ya sekunde. Aliye upande wa pili huenda asione kitu. Lakini simu ikirekodiwa, mtu yeyote anaweza kusimamisha hapo na kuiangalia kwa saa nzima. Kwa mchezo hiyo ni dosari ndogo. Kwa mtu anayewindwa ni maisha yake.

Mpangilio unaofaa ni wa kufunga mlango pale programu inaposhindwa. Uso usipoonekana, au uhakika wa modeli ukishuka, itoke fremu nyeusi, na ibaki nyeusi mpaka uso uonekane kwa fremu kadhaa mfululizo:

```python
nyuso = kamera.get(fremu)
salama = len(nyuso) == 1 and nyuso[0].det_score > 0.7
mfululizo = mfululizo + 1 if salama else 0
toa = badili(fremu, nyuso[0]) if mfululizo >= 5 else nyeusi
```

Mfululizo unaanza na sifuri, na kipimo cha 0.7 ni cha kuanzia tu. Chumba chako na taa yako ndivyo vitakavyoamua. Sharti la uso mmoja ni la makusudi pia, maana mtoto akichungulia mlangoni hapaswi kuonekana. Ule mkato wa eneo dogo nao uwe na ulinzi wake: kila baada ya muda fremu nzima ichunguzwe. Hata hivyo, inswapper hubadili katikati ya uso tu. Nywele, masikio, umbo la kichwa, shingo, mikono na sauti vinabaki vya shahidi, na jirani anayemfahamu anaweza kumtambua kwa hivyo. Kwa hatari ya namna ile ya Chechnya, ningemshauri arekodi kwanza, fremu zikaguliwe zote, ndipo video itumwe. Kwa hatari ndogo zaidi, mahojiano ya moja kwa moja yanawezekana baada ya jaribio moja refu: ainame, ageuke, ajifunike uso, azime taa, aondoke kwenye kiti na kurudi, huku kinachotoka kikirekodiwa. Kisha rekodi hiyo ipitiwe fremu kwa fremu na mtu anayeijua sura yake.